Ploti ngapi zinatosha? Mwongozo wa kukokotoa ukubwa wa sampuli ya kukadiria jumla ya miti katika msitu

Anayetaka kujua msitu una miti mingapi hawezi kuihesabu yote, kwa hiyo hupima vipande vichache vya ardhi, yaani ploti, huhesabu miti iliyomo, kisha hukuza hesabu hiyo hadi ifikie eneo lote. Swali la kwanza, ambalo mara nyingi huulizwa kabla hata ya tepu kununuliwa, ni idadi ya ploti hizo. Jibu lililozoeleka ni kupima asilimia fulani ya msitu, iwe 5 au 10, na mipango mingi ya uvunaji imeandikwa kwa kanuni hiyo. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ingeachwa, kwa sababu idadi ya ploti inayohitajika haitokani hasa na ukubwa wa msitu, bali inatokana na jinsi ploti zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe pamoja na ukubwa wa kosa ambalo mwenye msitu yuko tayari kulivumilia.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja hadi mwisho. Tuchukulie kijiji kimoja cha Tanzania chenye msitu wa miombo wa hekta 600 uliotengwa kuwa hifadhi ya kijiji, na kamati ya maliasili inataka kujua jumla ya miti iliyomo ili iandae mpango wa uvunaji. Takwimu za mfano ni za kufundishia, lakini zinafanana na zile ambazo mpimaji angekutana nazo katika miombo iliyowahi kukatwa sehemu fulani.

Hatua ya 1: Andika ni jumla ya nini

Kabla ya hesabu yoyote, andika sentensi moja inayosema ni kitu gani kinachohesabiwa. Kwa mfano wetu sentensi hiyo ni hii: miti yote iliyo hai, yenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi kikipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, iliyomo ndani ya mpaka wa hifadhi. Sentensi hiyo inaonekana ndogo, lakini kila neno lake lina uzito. Ukishusha kipenyo hadi sentimita 5, idadi ya miti inaweza kuongezeka maradufu, na mtawanyiko wake ukabadilika pia, hivyo sampuli iliyopangwa kwa ajili ya miti mikubwa haitakuwa sahihi kwa vijiti. Amua pia mapema kuhusu mti wenye mashina mawili. Kanuni inayofuatwa na wapimaji wengi ni kwamba mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 huhesabiwa kama mashina mawili, na uliogawanyika juu ya hapo huhesabiwa kama shina moja.

Mpaka nao ni sehemu ya sentensi hiyo. Jumla ya miti hupatikana kwa kuzidisha wastani wa ploti kwa idadi ya ploti zinazoweza kuenea katika msitu mzima, kwa hiyo eneo likikosewa kwa asilimia 8, jumla nayo inakosewa kwa asilimia 8 ileile, na hakuna wingi wa ploti utakaoirekebisha. Zunguka mpaka na kifaa cha GPS mwenyewe, usitegemee namba ya hekta iliyoandikwa kwenye faili la zamani.

Hatua ya 2: Chagua ploti na upate N

Katika mfano wetu tunatumia ploti ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 17.84, ambayo eneo lake ni mita za mraba 1,000, yaani hekta 0.1. Duara ni rahisi kuliko mstatili kwa sababu mtu mmoja husimama katikati akishika mwanzo wa tepu na mwenzake huzunguka, na hakuna kona za kupima kwa dira. Msitu wa hekta 600 ukigawanywa kwa hekta 0.1 unapata ploti 6,000. Hiyo ndiyo N, idadi ya ploti zote ambazo msitu ungekuwa nazo kama ungegawanywa wote.

Ukubwa wa ploti ni uamuzi wenye bei. Ploti ndogo hupimwa haraka, lakini hutofautiana zaidi, kwa sababu duara dogo linaweza kuangukia uwazi mtupu au kichaka kizito, wakati duara kubwa huchanganya vyote viwili. Kwa makadirio ya jumla, ukipunguza eneo la ploti kwa nusu, mtawanyiko hupanda kiasi kwamba utahitaji ploti zipatazo mara 1.4 ya zile za mwanzo. Pale ambapo timu inatumia saa nzima kutembea kutoka ploti moja hadi nyingine na dakika ishirini tu kupima, ploti kubwa chache ni nafuu zaidi. Katika shamba la miti iliyopandwa kwa mistari, ambako miti inafanana, ploti ndogo zinatosha kabisa.

Hatua ya 3: Amua kosa linalovumilika

Kosa hili, ambalo tutaliita E, ni umbali ambao makadirio yanaruhusiwa kuwa mbali na ukweli, kwa kawaida kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kusema E ni asilimia 10 kwa uhakika wa asilimia 95 maana yake ni kwamba, kama upimaji huu ungerudiwa mara nyingi kwa njia ileile, karibu mara 95 katika kila 100 makadirio yangeangukia ndani ya asilimia 10 ya jumla halisi, juu au chini.

Wakati mwingine mwenye msitu hasemi asilimia bali husema idadi: "Tusikosee zaidi ya miti 15,000." Hilo linafaa zaidi kwa anayepanga uvunaji, kwa sababu linalingana na uamuzi wenyewe. Asilimia na idadi vinabadilishana kwa urahisi, ilimradi una makadirio ya awali ya jumla: miti 15,000 katika jumla ya 174,000, tutakayoipata katika hatua ya 4, ni asilimia 8.6. Kosa la asilimia la jumla ni lilelile kosa la asilimia la wastani wa ploti, kwa kuwa jumla ni wastani uliozidishwa kwa N isiyobadilika. Wanaoanza huona jumla ya mamia ya maelfu wakadhani inadai sampuli kubwa kuliko wastani wa miti 29 kwa ploti, na sivyo ilivyo.

Hatua ya 4: Fanya sampuli ya majaribio

Huwezi kukokotoa idadi ya ploti bila kujua jinsi ploti zinavyotofautiana, na hilo halijulikani mpaka upime kadhaa. Kumi hadi kumi na tano zinatosha kuanzia. Chagua sehemu zake kwa bahati nasibu kwenye ramani, usizichague kwa macho, kisha uzipime kwa vifaa na kanuni zilezile utakazotumia baadaye. Ploti za majaribio zilizochaguliwa hivyo hazipotei bure, kwani zinaingia katika sampuli kuu.

Tuseme ploti 12 za majaribio zimetoa hesabu hizi za miti: 31, 18, 42, 27, 9, 36, 22, 55, 30, 14, 38 na 26. Jumla yake ni 348, na wastani ni miti 29 kwa ploti. Sasa tafuta mkengeuko sanifu, s. Toa wastani kutoka kwa kila hesabu, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa 11 (yaani ploti 12 toa moja), kisha tafuta kipeo cha pili. Jumla ya tofauti zilizozidishwa ni 1,788. Ukigawanya kwa 11 unapata 162.5, na kipeo chake cha pili ni 12.75.

Namba itakayoamua kila kitu ni uwiano wa mkengeuko kwa wastani, tutakaouita C. Hapa C ni 12.75 kugawanywa kwa 29, yaani asilimia 44. Katika lahajedwali, kama hesabu zimo katika safu ya B kuanzia mstari wa 2, fomula ni hii:

```
=STDEV(B2:B13)/AVERAGE(B2:B13)
```

Angalia pia majaribio haya yanasema nini yakiachwa peke yake. Jumla inayokadiriwa ni 6,000 mara 29, yaani miti 174,000, lakini kosa lake kwa uhakika wa asilimia 95 ni takriban miti 48,600 juu au chini, sawa na asilimia 28. Hakuna kamati inayoweza kupanga uvunaji kwa namba ambayo huenda ni 125,000 na huenda ni 222,000.

Hatua ya 5: Kokotoa n

Fomula ya n, yaani idadi ya ploti za kupima, ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hupuuza ukubwa wa msitu, na ya pili huurekebisha:

```
n0 = (t × C / E)^2
n  = n0 / (1 + n0 / N)
```

Herufi t ni kizidishi cha uhakika. Kwa asilimia 95 chukua 2, ambayo ni karibu vya kutosha iwapo jibu litazidi ploti 30. Likipungua hapo, tafuta t katika jedwali la Student kwa n toa moja, kokotoa tena, na urudie mpaka jibu litulie.

Kwa mfano wetu, C ni 44 na E ni 10. Mara 2 ya 44 ni 88. Ukigawanya kwa 10 unapata 8.8, ukizidisha kwa yenyewe unapata 77.4. Rekebisho la pili linagawanya 77.4 kwa 1.0129 na kutoa 76.5. Siku zote jibu hupandishwa hadi namba nzima inayofuata, kwa hiyo tunahitaji ploti 77.

Sasa badilisha E uone bei yake. Kwa kosa la asilimia 20 ploti 21 zingetosha (hapa t imechukuliwa katika jedwali). Kwa asilimia 5 zingehitajika 295. Kupunguza kosa kwa nusu kunadai ploti karibu mara nne, kwa kuwa E imo ndani ya mabano yaliyozidishwa kwa yenyewe. Anayetamka "asilimia 5" mezani kwa sababu inasikika vizuri anapaswa kuoneshwa namba hiyo ya 295 pamoja na posho za timu kabla ya kuidhinisha.

Ukubwa wa msitu una nafasi gani?

Hapa ndipo kanuni ya asilimia 10 inapoanguka, na inafaa tuikague kwa namba. Chukua msitu mwingine wenye mtawanyiko uleule, C ya asilimia 44, lakini wenye hekta 6,000 badala ya 600. N sasa ni 60,000, na fomula inatoa ploti 78. Msitu umekuwa mkubwa mara kumi, ploti imeongezeka moja. Anayefuata kanuni ya asilimia 10 angepima ploti 6,000 na kupata kosa la asilimia 1 hivi, usahihi ambao hakuna aliyeuomba na ambao fedha zake zingeisha mapema.

Kisha chukua kipande cha hekta 20 tu, N ikiwa 200. Fomula inatoa ploti 56, ambazo ni asilimia 28 ya msitu wote. Mfuasi wa asilimia 10 angepima ploti 20 na kubaki na kosa la karibu asilimia 19, akidhani amefanya kazi kamili. Kanuni moja imekuwa ya anasa katika msitu mkubwa na ya udanganyifu katika mdogo. Katika msitu mdogo namna hiyo, ni busara kujiuliza kama kuhesabu miti yote si nafuu zaidi.

Kitu kimoja kinahitaji tahadhari. Misitu mikubwa mara nyingi ina mchanganyiko zaidi, mabonde na vilima, sehemu zilizochomwa na zilizopona, hivyo C yake huwa kubwa. Ikiwa hivyo, idadi ya ploti itapanda, lakini inapandishwa na mchanganyiko wenyewe, na dawa ya mchanganyiko ni hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Gawanya msitu katika matabaka

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi zaidi. Msitu ukigawanywa katika sehemu ambazo kila moja inafanana ndani yake, tofauti kati ya sehemu haiingii tena katika kosa. Katika mfano wetu, picha ya setilaiti inaonesha hekta 240 za msitu mzito upande wa bonde na hekta 360 za msitu uliowahi kukatwa mkaa. Mstari wa mgawanyo umechorwa kwenye picha kabla ya kuangalia hesabu za ploti. Hilo ni sharti. Ukipanga ploti katika tabaka kwa kufuata wingi wa miti uliohesabiwa, utajitengenezea mtawanyiko mdogo wa uongo.

Ploti za majaribio zilizoangukia msitu mzito ni tano: 42, 36, 55, 38 na 26. Wastani wake ni 39.4 na mkengeuko sanifu 10.5. Zilizobaki saba zimeangukia msitu uliokatwa, na zina wastani wa 21.6 na mkengeuko wa 8.3. Angalia kwamba ploti ya 26 iko katika msitu mzito na ya 31 iko katika ule uliokatwa, kwa sababu picha haioni kila kitu, na ziachwe hapohapo zilipo.

Hesabu ya matabaka huanza kwa kuzidisha mkengeuko wa kila tabaka kwa sehemu yake ya eneo. Msitu mzito ni 0.4 ya eneo, hivyo 0.4 mara 10.5 ni 4.2. Msitu uliokatwa ni 0.6, hivyo 0.6 mara 8.3 ni 5.0. Jumla ni 9.2. Wastani wa msitu wote, uliopimwa kwa maeneo, ni 28.7, na asilimia 10 yake ni 2.87. Kisha:

```
n = (2 × 9.2 / 2.87)^2
```

Jibu ni takriban 41.1, kwa hiyo ploti 42 badala ya 77, kwa kosa lilelile la asilimia 10. Ploti hizo hugawanywa kwa uwiano wa 4.2 kwa 5.0, yaani 19 katika msitu mzito na 23 katika ule uliokatwa. Kumbuka kwamba msitu mzito unapata zaidi ya sehemu yake ya eneo, kwa kuwa ploti zake zinatofautiana zaidi. Baada ya kutoa zile za majaribio zilizokwisha kupimwa, zinabaki 14 upande mmoja na 16 upande wa pili, jumla ploti mpya 30.

Usivutiwe na matabaka mengi. Mawili au matatu yanaleta sehemu kubwa ya faida, na kila tabaka linahitaji ploti za kutosha ili mkengeuko wake ukadiriwe.

Hatua ya 7: Usiiamini C kupita kiasi

C ya asilimia 44 imetoka katika ploti 12 tu, nayo yenyewe ni makadirio. Kwa ploti 12, C halisi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 31 na 75 hivi. Kama ukweli ni 60, basi bila matabaka zingehitajika ploti zipatazo 141, si 77. Kwa hiyo yule anayekokotoa n mara moja tu, akafunga bajeti na kuondoka, amejenga juu ya msingi mwembamba.

Njia nzuri ni kupanga kazi kwa awamu. Weka katika bajeti akiba ya ploti, sehemu ya tano hadi robo ya n. Timu ikifika katikati ya kazi, kokotoa s upya kwa ploti zote zilizopimwa na urudie hatua ya 5 au ya 6. Ikiwa n imepanda kidogo, akiba itaibeba. Ikiwa imepanda sana, unajua mapema na unaweza kwenda kwa kamati na swali la wazi, kuongeza fedha au kulegeza E, wakati bado timu iko msituni.

Spishi adimu ni habari nyingine

Mara nyingi jumla ya miti yote siyo inayotakiwa hasa, bali jumla ya mti mmoja wenye soko. Katika vijiji vya Wilaya ya Kilwa vinavyomiliki misitu yao, mti huo ni mpingo. Mpimaji anayetumia sampuli ya ploti 77 iliyopangwa kwa miti yote ataleta jumla ya mpingo yenye kosa kubwa mno, na huenda asijue, kwa sababu ripoti nyingi huonesha kosa la jumla kuu pekee.

Sababu ni hii. Hata kama mti adimu umetapakaa kwa bahati tu, bila kujikusanya, mtawanyiko wake haupungui chini ya 1 kugawanywa kwa kipeo cha pili cha wastani wa ploti. Kama wastani ni mpingo nusu kwa ploti, C haitakuwa chini ya asilimia 141, na kwa E ya asilimia 10 zinahitajika ploti 800 kabla ya rekebisho la N. Kuna kanuni fupi inayotokana na hilo: kwa kosa la asilimia 10 unahitaji kuwa umehesabu angalau miti 400 ya spishi hiyo ndani ya ploti zako zote, na kwa asilimia 20 angalau 100. Mti unaoota kwa makundi unadai zaidi ya hapo. Ukiona orodha ya ploti ina mipingo 15 kwa jumla, usipoteze muda kukokotoa jumla ya msitu kwa mategemeo ya usahihi. Kosa lake halipungui asilimia 50. Suluhisho huwa ni ploti kubwa zaidi kwa spishi hiyo peke yake, au mikuza mirefu myembamba inayokata msitu kutoka upande hadi upande, huku timu ikihesabu mpingo tu na kuuacha mwingine wote.

Hatua ya 8: Weka ploti pale namba ilipoangukia

Fomula zote za juu zinadhani kwamba kila sehemu ya msitu ilikuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Toa nukta za bahati nasibu kwa kompyuta ndani ya kila tabaka, ziingize katika kifaa cha GPS, na katikati ya ploti iwe pale kifaa kinaposema umefika. Baadhi ya wapimaji hupendelea gridi ya nukta zenye umbali sawa, ambayo ni rahisi kutembelea na kwa kawaida haina madhara ikiwa mwanzo wake umechaguliwa kwa bahati. Lakini hapo ploti za majaribio hubaki za kupangia tu, na gridi ijazwe yote upya.

Ploti ikiangukia juu ya mwamba au katika uwazi usio na mti hata mmoja, andika sifuri. Kuihamisha "mita chache tu pale kwenye miti" ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kuukuza msitu kwenye karatasi. Dalili yake huonekana katika daftari: msitu unaojulikana kuwa na mbuga na mawe, lakini orodha nzima haina sifuri hata moja. Ploti zilizosogezwa kuelekea njia hupunguza miti badala ya kuiongeza, maana karibu na njia ndipo mashoka yamepita.

Mteremko nao hula miti kimyakimya. Umbali wa mita 17.84 ni wa mlalo. Tepu ikilazwa juu ya ardhi yenye mteremko wa asilimia 30, duara hugeuka yai na eneo lake halisi hupungua kwa asilimia 4 hivi, na miti hupungua vivyo hivyo. Inua tepu iwe mlalo, au urefushe umbali kwa kutumia kipima mteremko. Kwa mti ulio ukingoni pima hadi katikati ya shina. Ukijumuisha kila mti ambao tepu imeugusa ganda, unaongeza kama asilimia 1. Ploti inayokatwa na mpaka wa msitu isivutwe ndani. Hesabu miti iliyo ndani ya mpaka, kisha, pale mpaka ulipo mnyoofu, hamishia katikati ya ploti upande wa pili wa mpaka kwa umbali uleule, na uhesabu mara ya pili ile miti ya ndani inayofikiwa na duara hilo jipya.

Makosa ya aina hii hayaonekani katika s na hayapungui ploti zikiongezeka. Timu iliyopima ploti 300 kwa tepu iliyolazwa mteremkoni ina jumla yenye kosa dogo kwenye karatasi na bado iko chini ya ukweli kwa asilimia zilezile 4.

Hatua ya 9: Kokotoa jumla na kosa ulilolipata kweli

Kazi ikiisha, usiandike kwamba kosa ni asilimia 10 kwa sababu ndilo ulilolipanga. Lipime. Tuseme ploti 19 za msitu mzito zimetoa wastani wa 38.2 na mkengeuko wa 11.0, na ploti 23 za msitu uliokatwa zimetoa wastani wa 22.4 na mkengeuko wa 9.1. Jumla ni 2,400 mara 38.2 kujumlisha 3,600 mara 22.4, yaani miti 172,320.

Kwa kila tabaka, zidisha idadi yake ya ploti zote kwa mkengeuko, gawanya kwa kipeo cha pili cha ploti zilizopimwa. Msitu mzito unatoa 6,057 na uliokatwa 6,831. Namba hizi hazijumlishwi moja kwa moja: kila moja huzidishwa kwa yenyewe kwanza, ndipo hujumlishwa, ndipo hutafutwa kipeo cha pili, ambacho hapa ni 9,129. Mara 2 yake ni takriban 18,260, na kosa ni asilimia 10.6.

Lengo limekosewa kidogo, na njia ni mbili. Unaweza kuongeza ploti: zidisha 42 kwa 1.06, kisha kwa 1.06 tena, upate 47.2, ambayo ni ploti 48, yaani sita zaidi kutoka katika ile akiba, zikigawanywa katika matabaka kwa uwiano uleule na kuchaguliwa kwa bahati kama zilizotangulia. Au unaweza kuliacha kosa lilivyo na kuliandika katika ripoti pembeni ya jumla: miti 172,000, kosa la miti 18,000 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, ploti 42 za hekta 0.1, matabaka mawili, miti ya sentimita 10 na zaidi. Kwa mpango wa uvunaji ningechagua njia hii ya pili na kuweka kiwango cha kuvuna kwa kutumia ukomo wa chini, miti 154,000.